Kwenda kuangalia chumba cha kupanga Madrid kwa Kihispania kidogo: cha kuuliza, na jinsi ya kulielewa jibu

Ndugu zetu wanaofika Madrid kusoma au kutafuta kazi huniuliza swali lile lile: "Nimepata chumba, kesho naenda kukiangalia, niseme nini?" Wengi wanataka orodha ya sentensi. Zipo humu chini, lakini sentensi siyo shida. Swali unaweza kulikariri kwenye basi ukafika nalo salama. Kasheshe ni jibu. Ukimuuliza mama mwenye nyumba kuhusu majirani kwa matamshi mazuri, ataona unaijua lugha, atakumwagia maelezo ya dakika tano, nawe utabaki unatikisa kichwa tu.

Kwa hiyo maswali mengi ya humu nimeyapanga ili jibu liwe moja kati ya vitu vitatu: namba, ndiyo au hapana, au karatasi unayoonyeshwa kwa macho. Tutatumia tangazo moja la mfano tangu mwanzo hadi mwisho, la chumba ndani ya nyumba ya kushirikiana mtaa wa Vallecas, kusini mashariki mwa Madrid.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kutoka

- Simu yenye chaji, na chaja yake. Chaja ni ya kujaribia soketi za chumbani.
- Kidaftari na kalamu. Namba usiyoiamini sikio lako, mwenye nyumba ataiandika humo.
- Ushahidi wa kipato au wa masomo: hati ya mshahara, ambayo wao huiita *nómina*, au barua ya chuo. Onyesha tu, usiache nakala kwa mtu ambaye hujakubaliana naye.
- Pesa ya nauli. Fedha ya amana iache nyumbani. Ukiwa nayo mfukoni, utashawishika kuitoa.

Utahitaji pia dakika kumi za kusikiliza namba. Zinazowachanganya watu wetu ni *sesenta* (60) na *setenta* (70), *seiscientos* (600) na *setecientos* (700), na *quince* (15) dhidi ya *quinientos* (500). Tofauti ya 60 na 70 kwenye bili ni kikapu cha sokoni, lakini tofauti ya 600 na 700 kwenye kodi ndiyo inayomfanya mtu ahame.

Matamshi kwa mtu wa Kiswahili

Hapa tuna bahati. Irabu zao ni tano na zinasomeka kama zetu. Z, na c inapokaa kabla ya e au i, kule Madrid hutamkwa kama th ya "thelathini". J ni kh ya "Khamisi", ñ ni ny ya "nyumba", ll ni y, qu ni k, v ni b, na h haitamkwi kabisa. Mkazo mara nyingi uko kwenye silabi ya pili toka mwisho kama kwetu, na palipo na alama juu ya irabu, kaza hapo. Katika mabano nimeandika matamshi kwa herufi zetu.

Hatua ya 1: Soma tangazo kabla ya kulipenda

Matangazo mengi yako kwenye Idealista na tovuti za namna hiyo. La kwetu linasema hivi:

*Se alquila habitación exterior en piso compartido. 4 hab., 2 baños. 3º sin ascensor. 450 € + gastos. Fianza 1 mes. Calefacción central. Preferible con nómina.*

Maana yake: kinapangishwa chumba chenye dirisha la nje katika nyumba ya kushirikiana, vyumba vinne, bafu mbili. Kodi ni yuro 450, na gharama ziko juu yake. Amana ni mwezi mmoja. Joto la nyumba ni la jengo zima. Wanapendelea mtu mwenye hati ya mshahara.

Neno *exterior* linaongeza bei. Kinyume chake ni *interior*, chumba ambacho dirisha lake linatazama kiuwanja cha ndani ya jengo, kile cha kuanikia nguo. Kinaweza kuwa kimya kuliko cha barabarani, au kikakuletea harufu ya samaki wa kila ghorofa. *3º sin ascensor* ni ghorofa ya tatu bila lifti, na kwa kuwa chini kabisa hapahesabiwi, utapanda ngazi za ghorofa tatu kamili na sanduku lako.

Jambo la kuliangalia zaidi ni ile alama ya kujumlisha kabla ya *gastos*. Chumba cha 450 na gharama pembeni hakilinganishwi na cha 485 kilichoandikwa *gastos incluidos*, gharama zikiwa ndani, mpaka upige hesabu. Tutaipiga hatua ya 6.

Hatua ya 2: Panga miadi, na angalia saa

Tuma ujumbe mfupi wa WhatsApp badala ya kupiga simu. Maandishi yanakupa muda wa kusoma:

*Buenas tardes. Me interesa la habitación. ¿Sigue disponible? ¿Cuándo puedo ir a verla?*

Yaani: habari za mchana, nimevutiwa na chumba, bado kipo? Naweza kuja kukiona lini?

Akijibu *mañana a las siete de la tarde*, ni kesho saa moja jioni. Mtu aliyekua na saa za Kiswahili akisikia *siete* kichwa kinampeleka saa saba, anafika mchana wa jua kali na kukuta mlango umefungwa. Jilinde kwa kumwandikia tarakimu: *¿A las 19:00?* Akisema *sí*, yamekwisha.

Anwani itakuja na kitu kama *3º B*. Hiyo ni ghorofa ya tatu, mlango B, na ndicho kitufe utakachobonyeza kwenye kengele ya getini. Ukiulizwa *¿Quién es?* jibu: *Vengo a ver la habitación* (bengo a ber la abitathion), nimekuja kuona chumba.

Onyo: akidai yuko nje ya nchi, utume amana kwanza ndipo funguo zije kwa posta, achana naye. Huo ni utapeli wa zamani na bado unakula watu. Vilevile, dalali wa Dar anaweza kukutoza hela ya kuonyeshwa chumba, lakini Hispania anayetaka malipo ili tu uone mlango ni wa kumkimbia.

Hatua ya 3: Salamu, kisha omba mwendo wa polepole

Mwenye nyumba mtu mzima muite kwa *usted*, namna ya heshima. Vijana wenzako wanaokaa humo watakuita *tú*, nawe waite hivyo hivyo. Maswali yangu mengi yako kwenye *usted*, kwa sababu heshima ikizidi hakuna anayekasirika.

Kabla ya lolote sema: *Buenas tardes. Hablo un poco de español. Más despacio, por favor* (mas despathio, por fabor). Nazungumza Kihispania kidogo, polepole tafadhali.

Na sentensi itakayokuokoa usiku mzima: *¿Me lo puede escribir, por favor?* (me lo pwede eskribir, por fabor). Waweza kuniandikia? Mpe kalamu papo hapo. Hakuna atakayeona ajabu, wazee wengi wanapenda kuandika namba.

Hatua ya 4: Angalia chumba kwa mikono, maneno yatafuata

Usianze na kodi. Zunguka kwanza, maana mambo mengi hayahitaji lugha. Fungua dirisha, ulifunge, usikilize tofauti ya kelele. Chomeka chaja kwenye soketi zote. Fungua maji ya moto bafuni na uhesabu muda yanavyochukua kuja. Angalia kona za dari na nyuma ya kabati: madoa meusi ni kuvu, wao huiita *moho*, na rangi nyeupe mpya iliyopakwa kona moja tu huenda ni kuvu iliyofichwa. Angalia kama mlango wa chumba una kitasa chenye ufunguo. Jikoni fungua friji, uone kama kuna rafu tupu, kwa sababu rafu iliyojaa ya wengine itabaki imejaa ukihamia.

Ya kuuliza hapa ni mawili tu:

*¿La puerta tiene llave?* (la pwerta tiene yabe). Mlango una ufunguo?

*¿Puedo usar la cocina?* (pwedo usar la kothina). Naruhusiwa kutumia jiko? Usicheke. Kuna vyumba ambavyo jiko halimo katika mapatano, au limo kwa saa fulani tu. Mtu wa ugali na maharage ya kuchemka kwa saa mbili anapaswa kulijua hili mapema.

Hatua ya 5: Kodi

*¿Cuánto es al mes?* (kwanto es al mes). Ni kiasi gani kwa mwezi? Tangazo lilisema 450, lakini uliza tena, uone kama namba imepanda ngazi pamoja nawe.

*¿Qué día se paga?* (ke dia se paga). Inalipwa tarehe ngapi? Kwa kawaida ni siku tano za mwanzo wa mwezi. Hakuna mambo ya miezi sita mbele kama Dar. Anayetaka nusu mwaka kwa chumba, muulize mwenyewe kwa nini.

*¿Pago el mes completo o solo los días?* Nalipa mwezi mzima au siku tu? Swali hili watu hulisahau. Tuseme unaingia tarehe 12 ya mwezi wenye siku 30. Zimebaki siku 19 ukihesabu na ya kuingia. Yuro 450 kwa siku 30 ni 15 kwa siku, kwa hiyo siku zako ni yuro 285. Usipouliza utalipa 450 kwa mwezi ambao theluthi yake hukuwepo. Wapo wanaokataa kugawa, na ni haki yao kukuambia, lakini ukiuliza kwa adabu wengi wanakubali.

Hatua ya 6: Umeme, maji, gesi na intaneti

Hapa ndipo pa kuchukua muda. Mtu aliyezoea luku hununua umeme kwanza, ukiisha giza. Hispania unatumia kwanza, bili inafuata. Ukikaa na watu watatu wengine, hujui nani aliacha hita usiku kucha mpaka karatasi ije. Umeme, *luz*, mara nyingi unakuja kila mwezi. Maji, *agua*, kila miezi miwili. Gesi ya bomba nayo mara nyingi kila miezi miwili. Kwa hiyo mwenye nyumba anapokutajia "bili", hujui bado ni ya miezi mingapi.

Uliza kwa mpangilio huu:

*¿Los gastos están incluidos o van aparte?* (los gastos estan inkluidos o ban aparte). Zimo ndani au ziko pembeni? Jibu ni neno moja, *incluidos* au *aparte*. Lisikilize hilo tu, mengine yaache yapite.

Zikiwa ndani: *¿Hay un tope?* (ai un tope). Kuna kikomo? Maneno "gharama zimo" mara nyingi yana kikomo, mathalani yuro 40 kwa mtu, na kinachozidi mnalipa. Kikomo hicho mara nyingi hakiandikwi kwenye tangazo.

Zikiwa pembeni: *¿Cuánto pagó cada uno el mes pasado?* (kwanto pago kada uno el mes pasado, kwa mkazo kwenye "-go"). Kila mmoja alilipa kiasi gani mwezi uliopita? Usiulize "huwa ni kiasi gani", maana jibu litakuwa *depende* au *poco*, inategemea, au kidogo tu, na "kidogo" haina tarakimu.

Kisha: *¿Me puede enseñar una factura?* (me pwede ensenyar una faktura). Naweza kuona bili moja? Akikuonyesha, tafuta vitu viwili: jumla, iliyoandikwa *total*, na kipindi, yaani tarehe ya kuanzia na ya kuishia. Ukiweza, omba ya Januari: *¿Tiene la de enero?* Bili ya Mei huwa ndogo, Januari ndiyo inayosema kweli.

Turudi kwenye chumba chetu. Tuseme mama amekuonyesha karatasi: umeme 88 kwa mwezi, maji 60 kwa miezi miwili, gesi 96 kwa miezi miwili, intaneti 32 kwa mwezi. Mko wanne. Umeme ni 22 kwa kila mtu. Maji ni 30 kwa mwezi, kwa hiyo 7.50. Gesi ni 48 kwa mwezi, kwa hiyo 12. Intaneti 8. Jumla ni yuro 49.50. Chumba cha 450 sasa kimekuwa 499.50, na kile cha 485 chenye gharama ndani, ambacho kilionekana ghali, ndicho nafuu, mradi kikomo chake ukijue.

Usisahau kuuliza mnagawanaje: *¿Se divide a partes iguales?* (se dibide a partes igwales), sawa kwa sawa? Chumba kimoja kikiwa na wapenzi wawili, *iguales* inaweza kuwa kwa vyumba au kwa vichwa, na tofauti hiyo inalipwa na mfuko wako.

Joto la nyumba nalo lina aina zake. *Calefacción central* ni ya jengo zima, huwashwa miezi ya baridi kwa ratiba ya jengo, na gharama yake mara nyingi hulipwa na mwenye nyumba kupitia ada ya jengo. Thibitisha hilo: *¿La calefacción está incluida?* Kama ni hita za umeme, *radiadores eléctricos*, bili ya Januari itakutoa machozi. Nyumba nyingine za zamani zinatumia mitungi ya rangi ya chungwa ya kilo 12.5, *bombona de butano*, na hapo uliza nani anainunua na nani anaipandisha ngazi.

Swali la mwisho la umeme linaonekana la kifundi, lakini lina manufaa: *¿Salta la luz?* (salta la luth). Umeme unajizima? Kila nyumba ina kiwango cha nguvu kilichoandikwa kwenye mkataba wake na kampuni ya umeme. Kiwango cha kilowati 3.45 ni cha kawaida. Hita moja ni kilowati 2, oveni ikiwaka ni kama 2 nyingine, jumla mmepita na swichi kuu inajishusha. Nyumba ya watu wanne yenye kiwango hicho na hita za umeme, kila jioni ya baridi mtu mmoja atakuwa anakwenda gizani kupandisha swichi.

Hatua ya 7: Amana

*¿Cuánto es la fianza?* (kwanto es la fiantha). Kwa nyumba nzima ya kuishi, sheria ya upangaji inaweka amana ya mwezi mmoja. Chumba ndani ya nyumba ya kushirikiana mara nyingi hakichukuliwi kuwa chini ya sheria hiyo bali chini ya kanuni ya jumla ya mikataba, ile *Código Civil*, na hapo kinachokulinda ni kile kilichoandikwa na kusainiwa. Kwa hiyo ongeza:

*¿Cuándo la devuelve?* (kwando la debwelbe). Unairudisha lini? Unataka kusikia siku: *el mismo día*, siku ile ile, au *en un mes*, ndani ya mwezi. Ukisikia *ya veremos*, tutaona, maana yake hajapanga kuirudisha haraka.

*¿Con cuántos días aviso antes de irme?* Natoa taarifa siku ngapi kabla ya kuondoka? Mara nyingi ni 30. Hapa ndipo amana nyingi zinapopotelea: mtu anaaga wiki moja kabla, naye mwenye nyumba anashika fedha yote kwa hoja hiyo.

Kwa chumba chetu, siku ya kuingia utatoa 285 ya siku zako na 450 ya amana, jumla 735. Lipa kwa benki, na kwenye sehemu ya maelezo andika *fianza habitación* kwa muamala wa amana, *alquiler* na jina la mwezi kwa wa kodi. Fanya miamala miwili, usiichanganye. Akitaka taslimu: *¿Me da un recibo?* (me da un rethibo), nipe risiti, yenye tarehe, kiasi, neno *fianza* na sahihi yake.

Onyo: usihesabu amana kama kodi ya mwezi wa mwisho bila kukubaliana. Wengi hufanya hivyo kimyakimya, kisha ugomvi unaanza.

Ukiona wakala anakutaka ada yake, jua kwamba sheria ya makazi ya mwaka 2023 iliiweka ada hiyo kwa mwenye nyumba katika upangaji wa makazi ya kudumu. Kwenye vyumba na mikataba ya muda mfupi ndiko mianya ilikobaki, kwa hiyo uliza kabla ya kupanda ngazi, siyo baada.

Hatua ya 8: Wanaokaa humo, na majirani

*¿Cuántas personas viven en el piso?* (kwantas personas biben en el piso). Watu wangapi wanaishi humu? Uliza watu, siyo vyumba. Vyumba vinne vinaweza kuwa na watu saba, na ile hesabu ya bafu mbili ikageuka foleni.

*¿Usted vive aquí?* Wewe mwenyewe unaishi hapa? Mwenye nyumba akiwa ndani, kanuni ni zake. Ukiwa mtu wa kupokea wageni, swali ni *¿Puedo tener visitas?* (pwedo tener bisitas).

Kuhusu majirani, usiulize wakoje. Utaambiwa ni watu wazuri sana. Uliza kelele na chanzo chake:

*¿Hay ruido por la noche?* (ai rwido por la noche). Kuna kelele usiku?

*¿Hay un bar abajo?* (ai un bar abaho, na hiyo h iwe kh). Kuna baa hapo chini? Macho yako yatakujibu kabla yake, lakini uliza ili uone anavyosema. Baa yenye meza za nje wakati wa kiangazi huongea hadi usiku wa manane, na chumba cha *exterior* ndicho kinachosikiliza.

*¿Quién vive arriba?* (kien bibe arriba). Nani anaishi juu? Jibu la kutafuta ni neno moja: *niños*, watoto, *estudiantes*, wanafunzi, *una señora mayor*, bibi mtu mzima. Kuta na dari za majengo mengi ya zamani ni nyembamba, utajua ghorofa ya juu wanaamka saa ngapi.

Mpangaji mmoja akiwepo sebuleni, ongea naye pembeni, hata kwa sentensi moja: *¿Qué tal se vive aquí?* Maisha yakoje hapa? Mtazame uso. Akimwangalia mwenye nyumba kwanza ndipo akujibu, umeshajibiwa.

Hatua ya 9: Padrón na mkataba

*¿Me puedo empadronar aquí?* (me pwedo empadronar aki). Naweza kujiandikisha kwa anwani hii? Kila anayeishi Hispania anatakiwa na sheria kujiandikisha kwenye daftari la wakazi la manispaa, *padrón*. Cheti chake utaombwa hospitali, shuleni kwa mtoto, na kwenye mambo ya vibali, kama uthibitisho wa ulipo na tangu lini. Chumba kizuri kisichokuruhusu *padrón* ni cha kukaa wiki chache ukitafuta kingine, siyo cha kuanzia maisha.

*¿Hay contrato?* (ai kontrato). Kuna mkataba? Ukisema nitasaini, hakikisha mkataba una jina lako, anwani kamili pamoja na *3º B*, kodi, gharama zilivyo, amana na siku za taarifa. Omba kuupiga picha ukausome nyumbani.

Hatua ya 10: Jibu maswali yao, kisha ondoka

Utaulizwa *¿Trabajas o estudias?* Jibu *Trabajo* au *Estudio*. *¿Fumas?* Unavuta sigara? *¿Cuánto tiempo te quieres quedar?* Unataka kukaa muda gani? Sema *Un año*, kama ni kweli. Wanapenda mtu asiyehama hama.

Mwisho: *Me lo pienso y le digo algo mañana* (me lo pienso i le digo algo manyana). Nitafikiri, kesho nitakupa jibu. Ni sentensi ya kawaida kabisa, haimkosei mtu. Ukifika nje, kabla ya kituo cha metro, mtumie ujumbe wa kuthibitisha ulichosikia: *Entonces son 450 €, gastos aparte, fianza 450 €, con padrón. ¿Correcto?* Akijibu *sí, correcto*, unayo maandishi.

Mambo yakienda kombo

*Hukuelewa jibu hata baada ya kuuliza tena.* Usiseme *sí* kwa aibu. *Sí* yako inaweza kuwa umekubali kulipa mwezi mzima. Sema *No entiendo. ¿Sí o no?* kama swali ni la ndiyo au hapana, au mpe kalamu kama ni namba.

*Anakuambia kuna watu wengine watano wanakuja leo, lipa sasa.* Huenda ni kweli, vyumba Madrid vinakwenda haraka. Ukitaka kukishika, fedha ya kushikia huitwa *señal* au *reserva*. Toa kidogo, siyo amana nzima, na tu kama yupo mbele yako ndani ya nyumba na anaandika: kiasi, tarehe, kwamba inakatwa kwenye kodi ya kwanza, na kwamba inarudi kama yeye ndiye atakayeghairi. Uliza *Si usted cambia de idea, ¿me la devuelve?*

*Kodi aliyosema mlangoni si ile ya tangazo.* Fungua picha ya tangazo kwenye simu na umwonyeshe: *Aquí pone 450* (aki pone). Hapa imeandikwa 450. Usiongeze neno, subiri.

*Amesema padrón hapana, lakini chumba unakihitaji kesho.* Chukua kwa muda mfupi, amana ndogo iwezekanavyo, na uendelee kutafuta. Usikubali "ukikaa miezi mitatu nitakuruhusu" bila kuandikwa.

*Umeingia, na bili ya kwanza inahusu siku ambazo hukuwepo.* Angalia kipindi kwenye karatasi. Ikiwa inaanza kabla ya tarehe yako, sema *Yo entré el día 12* (yo entre el dia dothe), niliingia tarehe 12, na mgawane kwa siku. Ndiyo maana siku ya kupokea funguo unapiga picha ya mita ya umeme, ya maji na ya gesi, pamoja na kila doa la ukutani, na kumtumia mwenye nyumba picha hizo siku hiyo hiyo.